Uvira: Kapiteni aliyewaomba wachezaji wake wasikimbie sana

UVIRA, Kivu Kusini – Kapiteni wa timu ya walimu na wauguzi alikuwa na dakika nne tu za kusema na watu wake mbele ya mechi. Walisimama chini ya mwembe pembeni ya kiwanja, jezi zikiwa za kuazima, na wengine walikuwa wanafunga kamba za viatu ambavyo navyo viliazimwa. Upande wa pili timu ya wamotari ilikuwa imekwisha kuanza kuimba, na pikipiki zilikuwa zinapiga honi bila kupumzika. Watu walitazamia kwamba kapiteni naye atawapandisha damu wachezaji wake, kama inavyozoeleka. Yeye aliwaambia mambo mawili tu: msiumize mtu, na msikimbie sana.

Wengine walinung'unika. Muuguzi mmoja kijana, mwenye mbio kuliko wote, aliuliza kama wamekuja kucheza mpira ama kutembea. Shabiki aliyekuwa karibu alisema kapiteni huyu anamwaga maji kwenye moto. Lakini ukiangalia mechi ile ilikuwa ya nini, na ni watu gani waliokuwa wanaicheza, maneno ya chini ya mwembe yalikuwa na maana kuliko hotuba zote zilizosemwa kwenye kiwanja siku ile. Na hotuba hazikukosa.

Mechi ilikuwa ya msaada. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu, hapa Uvira kama vile Kalemie na kwa majirani wa Bujumbura. Uvira ilikuwa haijasahau bado Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba na watu. Safari hii maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja polepole: ukuta ukalowa, choo kikajaa, kitanda kikainuliwa juu ya matofali, mwishowe jamaa ikahama. Kiangazi kilipofika, kulikuwa na jamaa nyingi zilizokuwa zinalala kwa ndugu ama katika chumba kimoja cha kupanga. Wamama wa mtaa ndio waliotoa wazo la mechi. Kuingia ilikuwa franga 1,000 za Congo, na asiyekuwa nazo alete mche wa sabuni.

Kapiteni, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alianza kwa hesabu kama vile yuko mbele ya ubao. Tukipata watu 300, alisema, tutakuwa na franga 300,000. Kwa bei ya wakati ule, karibu franga 2,800 kwa dola moja, hiyo ni kama dola 107. Kisha akaonyesha kwa kidole timu ya wamotari iliyokuwa inaimba ng'ambo ya kiwanja.

«Wandugu, mtu mmoja kati ya wale akivunjika mguu leo, pesa hii yote haitatosha kumtunza. Tutakuwa tumekuja kusaidia jamaa zilizopatwa na maji, na tutarudi tumeongeza jamaa moja juu yake.»

Kila mtu wa Uvira anajua hesabu hiyo bila kufundishwa. Motari hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengi wao wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni kuna pesa wanazopaswa kumpelekea mwenye pikipiki kabla ya kununua unga wa nyumbani. Mfupa wa mguu chini ya goti ukivunjika, unaomba miezi mitatu hata zaidi mbele ya kuweza kukanyaga vizuri. Miezi mitatu bila kuendesha ni kodi ya nyumba, ni chakula, ni karo ya watoto, tena bila kuhesabu hospitali. Mwalimu naye si tajiri. Lakini mwalimu mwenye mguu wa plasta anaweza kukaa kwenye kiti na kufundisha. Motari mwenye mguu wa plasta hawezi kufanya lolote kwa kazi yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kapiteni lilikuwa makosa ya kukaba. Hakusema «tucheze kwa upendo», maneno ambayo hayamwambii mchezaji afanye nini mguu wake ukiwa hewani. Aliyatenga makosa katika ngazi tatu, na hapo alikuwa sawasawa na sheria ya 12 ya mpira wa miguu. Ya kwanza ni kosa la kutoangalia: mtu amefika vibaya, amemgusa mwenzake, mwamuzi anatoa mpira wa adhabu na kadi hakuna. Ya pili ni kosa la kutojali: mtu anaona kwamba anaweza kumuumiza mwenzake na anaingia tu. Hiyo ni kadi ya manjano. Ya tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi mpaka kuhatarisha mwili wa mwingine, na hiyo ni kadi nyekundu, hata kama aliugusa mpira kwanza. Wachezaji wengi wa mitaani hawajui hilo la mwisho. Wanafikiri kwamba ukisema «nimegusa mpira» umejitakasa.

Kapiteni akaongeza sheria moja ya kwake, isiyo katika kitabu: siku ile mchezaji wake yeyote asijitupe chini na kuteleza kwa miguu. Kitabu hakikatazi kufanya hivyo. Lakini kiwanja kile ni cha udongo mgumu na changarawe, na mtu akishajitupa hawezi tena kusimama wala kugeuka. Yeye mwenyewe anachunika paja, na aliye mbele yake hana pa kuweka mguu. Badala yake aliwaonyesha, akitumia muuguzi mmoja kama mpinzani, namna ya kukaba bila kugusana: simama mbele ya mwenye mpira, uache nafasi ya mita moja ama mbili, inama kidogo, msukume polepole kwenda kwenye mstari wa pembeni, na ungoje akosee. Akikosea chukua mpira. Asipokosea, umemchelewesha, na wenzako wamekwisha kurudi nyuma. Wachezaji wa ligi wanafundishwa jambo hilo tangu utoto. Walimu wa Uvira walilisikia kwa dakika moja, na ilitosha kwa wengi wao.

Kutoka hapo alifika kwenye mbio, na hapa ndipo wale walionung'unika hawakumwelewa. Walifikiri kwamba ameleta habari mbili zisizohusiana: adabu kwanza, kisha pumzi. Kwake ilikuwa habari moja. Mguu uliochoka unachelewa. Mpira umekwisha kuondoka, mguu unafika nusu sekunde nyuma, na mahali ulipokuwa mpira sasa kuna kifundo cha mtu. Angalia mechi yoyote ya mtaa: katika dakika za kwanza watu wanagongana kwa sababu ya moto wa kuanza, halafu kunatulia, halafu mwishoni makosa mabaya yanarudi. Wakati huo si wote wenye hasira. Wengi wamechoka tu, na hawataki kukiri. Mtu anayetaka timu yake imalize bila kuumiza mtu, lazima ahakikishe kwanza kwamba inamaliza ikiwa bado na pumzi.

Mchezaji wa kulipwa anakimbia na kutembea kilomita 10 mpaka 12 katika mechi moja. Yeye anafanya mazoezi karibu kila siku, anakula kwa mpango, na hata hivyo kipindi cha pili mwendo wake unapungua. Sasa mweke mwalimu mwenye miaka 45, ambaye siku zote anasimama kwenye ubao na ambaye mara ya mwisho kucheza ilikuwa Pasaka. Saa tisa ya mchana, jua la Uvira, vumbi, mke na watoto wanatazama. Filimbi ikilia anakimbia kama mtoto aliyeachiliwa shuleni. Dakika ya ishirini ameshika magoti. Dakika ya thelathini msuli wa nyuma ya paja unakatika, na hakuna mpinzani aliyemgusa.

Dawa ya kapiteni ilianza hata mbele ya kusema na wachezaji wake. Alikwenda kumwona kapiteni wa wamotari na mwamuzi, akaomba mechi iwe ya vipindi viwili vya dakika 35 badala ya 45. Sheria ya 7 inaruhusu, kwa sharti kwamba mwamuzi na timu zote mbili wakubaliane mbele ya kuanza. Katikati ya mechi huwezi tena kusema jua ni kali, tupunguze. Wakakubaliana pia kusimama kidogo kila kipindi kwa ajili ya kunywa maji, na juu ya idadi ya wachezaji wa kubadilisha. Hili la mwisho linasahauliwa sana katika mechi za kirafiki. Timu zinaweza kukubaliana kubadilisha wachezaji wengi, lakini lazima mwamuzi ajulishwe mapema. Wasipomjulisha, kila timu ina haki ya kubadilisha sita tu. Kapiteni alikuwa na watu 18 chini ya mwembe. Bila mapatano yale, mmoja angevaa jezi bure, na mbaya zaidi, wangekuwapo walimu waliochoka ambao hawana wa kuwapokea.

Kisha akagawa pumzi. Robo saa ya kwanza, mpira upite kwenye miguu na watu wasiufuate wote kwa pamoja. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto abaki. Aliyekimbia mbio ndefu kwenda mbele arudi kwa kutembea, na kiungo aliye karibu amshikie nafasi mpaka apate hewa. Kipa asiharakishe kupiga mpira kama watu wake bado wanahema. Na aliwapa kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukitumia: mwambie mwenzako sentensi nzima. Ukiweza kuimaliza bila kukata, unaweza kuendelea. Ukitoa maneno mawili na kusimama kuvuta hewa, punguza mwendo. Usipoweza kabisa, weka mkono juu ya kichwa, na benchi itakutoa bila swali.

Mkono juu ya kichwa ulikuwa wazo zuri kuliko yote, kwa sababu ya haya. Mwanaume wa Uvira hataomba kutolewa mbele ya wakwe zake. Lakini alama ikikubaliwa na wote mapema, basi anayeitumia ametii kapiteni tu.

Mchezaji mmoja, mwalimu wa historia, akasema kwa sauti: «Mimi leo ninafia hapa.» Watu wakacheka. Kapiteni hakucheka. Alimkumbusha Marc-Vivien Foé, Mkameruni aliyeanguka kwenye uwanja wa Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mashirikisho dhidi ya Colombia. Ilikuwa dakika ya 72, hakuna aliyemgusa, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 28, mchezaji wa kulipwa aliyezungukwa na madaktari. Ugonjwa wa moyo aliokuwa nao haukuwa umejulikana. Kapiteni hakusema kwamba uchovu ndio uliomuua Foé, na vizuri hakusema, kwa sababu ingekuwa kuwatisha watu kwa uongo. Alisema kwamba mtu akihisi maumivu ya kifua, ama kizunguzungu, ama macho yakiona giza, atoke na asirudi kabisa, hata kama dakika tano baadaye anajisikia vizuri. Na mtu akianguka peke yake, mpira usimame palepale, wauguzi waitwe, watu wengine wasimzunguke.

Kulikuwa na neno moja zaidi, juu ya kitambaa cha mkononi. Watu wengi wanafikiri kapiteni ni mtu mwenye ruhusa ya kumfokea mwamuzi. Sheria ya 3 inasema kinyume: kapiteni hana hadhi ya pekee wala upendeleo wowote, lakini ana sehemu ya wajibu kwa mwenendo wa timu yake. Kwenye Euro ya 2024, Ujerumani, waliagiza kwamba ni kapiteni peke yake anayeweza kumwendea mwamuzi kuomba maelezo. Kapiteni wa walimu aliichukua desturi hiyo: «Mwamuzi akikosea, mimi nitakwenda. Nikiwa mbali, mnyamaze mpaka nifike.» Mwamuzi wa siku ile alikuwa kijana aliyejitolea bila kulipwa, mwenye filimbi na saa ya mkononi tu. Watu kumi wakimzunguka mtu kama huyo, mechi imekwisha kuharibika.

Wanaosema kwamba mechi ya watu wenye mateso inaomba ukali, kwamba uchungu uonekane miguuni, wakumbuke tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan. Mbele ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wakauweka kwenye kichwa kama bunduki, wakati wimbo wa taifa unapigwa. Ilikuwa kwa ajili ya watu wa Mashariki, yaani sisi. Dunia yote iliona. Baada ya hapo ilibaki mpira tu, na wakafungwa 1-0. Ujumbe wao haukuhitaji mguu wa Mwivori.

Kuna mahali kapiteni alikosea, na inafaa isemwe. Wachezaji wake walikuwa wamepasha mwili moto vizuri, robo saa nzima, wakiruka na kunyoosha miguu. Halafu wageni wa heshima wakaanza hotuba. Mmoja akamwita mwingine, huyo naye akamshukuru wa tatu, na wachezaji wakasimama kwenye mstari juani karibu dakika arobaini. Faida ya kupasha mwili inapotea mtu akisimama muda kama huo. Misuli inapoa huku jasho na kiu vinaendelea, hasara mbili kwa pamoja. Kapiteni aliyekuwa na ujasiri wa kuomba vipindi vya dakika 35 angeweza kuomba hotuba zisemwe wakati wa mapumziko, ama watu wake wakae kivulini mpaka mgeni wa mwisho amalize. Hakuomba. Inaeleweka, kwa sababu kumkatiza mkubwa anayesema si jambo jepesi hapa kwetu. Lakini hatari ile ilikuwa kubwa kuliko wamotari.

Mechi yenyewe ilikwenda karibu kama alivyoeleza chini ya mwembe. Wamotari walianza kwa mbio kali na wakafunga bao mapema, dakika ya nane. Mashabiki wa walimu wakapiga kelele: «Kimbieni! Mnalala?» Kapiteni akainua mikono miwili na kuishusha polepole, ishara ya kutulia. Ilipofika dakika ya ishirini na tano, wamotari watatu walikuwa wameinama, mikono kwenye magoti. Kipindi cha pili walimu walikuwa ndio wenye mpira. Walisawazisha kwa bao lisilo la ajabu, pasi nne za polepole na shuti la karibu, mbele ya mabeki ambao hawakuweza tena kurudi.

Yule muuguzi kijana hakutembea hata mara moja. Tangu filimbi ya kwanza alikimbia huku na huku, watu wakimshangilia jina. Zilipobaki kama dakika kumi na tano, mpira ulimpita, akaufuata, na mguu wake ulikuwa umekwisha. Akajitupa chini. Alifika nyuma ya mpira na kumkamata motari mmoja kwenye kifundo cha mguu. Kelele zilinyamaza kwa muda.

Mwamuzi alitoa kadi ya manjano, na ilikuwa haki. Kapiteni alitembea mpaka pale, akaangalia benchi, akaweka mkono wake mwenyewe juu ya kichwa cha yule kijana. Alimtoa. Kijana alitupa jezi chini. Mashabiki wa walimu wakamzomea kapiteni, kwa sababu kadi ya manjano haimlazimishi mtu kutoka, na aliyeingia mahali pake alikuwa mwalimu wa hesabu aliyepita miaka 50. Dakika sita baadaye wamotari walipita upande uleule wa mwalimu wa hesabu na kufunga la pili. Mechi ikaisha 2-1.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba kapiteni aliitupa mechi. Kwa mechi ya ligi, wangekuwa na neno. Lakini yule kijana alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mguu wake unafika ukiwa umechelewa, na zilibaki dakika nyingi. Kumwacha ndani kungekuwa kungoja kosa la pili. Tena, ahadi ya chini ya mwembe ilisemwa mbele ya watu wote 18. Kama kapiteni angeivunja mara ya kwanza ilipomgharimu, ingekuwa maneno kama ya wale wageni wa heshima.

Motari aliyeumia alibebwa pembeni. Muuguzi mwenye umri mkubwa alimbonyeza kwenye mifupa miwili inayotokeza pande zote za kifundo, akiuliza kama inauma juu ya mfupa wenyewe, kisha akamwomba asimame na kupiga hatua nne. Alipiga, akichechemea. Mtu ambaye hawezi kupiga hatua hizo nne, ama anayelia ukibonyeza mfupa, anapaswa kupigwa picha hospitalini bila kungoja kesho. Huyu alikuwa ameteguka tu. Walimwekea kitambaa cha maji baridi, wakainua mguu juu ya mfuko wa mipira, na mwenzake akampeleka nyumbani kwa pikipiki.

Hapo likazuka shauri ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria mbele ya mechi. Mguu ulivimba, na motari hangeweza kukanyaga breki kwa siku kadhaa. Nani atampelekea mwenye pikipiki pesa zake za jioni? Mtu mmoja wa kamati alisema zitolewe kwenye sanduku la msaada, kwa kuwa ameumia akisaidia. Wamama waliokuwa wanahesabu pesa walikataa, na walikataa vizuri. Aliyelipa franga 1,000 mlangoni aliambiwa zinakwenda kwa jamaa zilizopatwa na maji. Zikianza kulipa vifundo vya miguu, mechi ijayo watu watabaki nyumbani. Kapiteni alivua kofia na kuipitisha kwa timu yake mwenyewe chini ya uleule mwembe. Yule muuguzi kijana, aliyekuwa bado amekasirika, alitoa kuliko wengine wote. Zikapatikana za siku tatu.

Sanduku lilihesabiwa mbele ya watu, sabuni zikapangwa juu ya meza, na wamama wakaandika kila kitu kwenye daftari. Wamotari wameomba mechi ya kurudiana. Kamati ikikutana kupanga siku, iweke katika karatasi ileile dakika 35, maji katikati ya kipindi, idadi ya kubadilisha, na mfuko mdogo wa pekee kwa mchezaji atakayeumia, uchangwe na timu zote mbili mbele ya filimbi ya kwanza. Na wageni wa heshima waambiwe mapema kwamba watasema wakati wa mapumziko, wachezaji wakiwa wamekaa kivulini.